Barua ya kumwomba mwajiri unafuu wa saa na chumba cha giza kwa mwenye kipandauso: mwongozo kamili

Barua nyingi za aina hii hazikataliwi. Zinapewa pole. Mtu ameandika kurasa mbili za maumivu, kichwa kinavyogonga upande mmoja, kutapika, mwanga unavyochoma macho, halafu mwishoni anaomba "afikiriwe". Bosi anasoma, anasikitika kwa dhati, anaandika pembeni "apumzike akijisikia vibaya", na barua inaingia kwenye faili. Mwezi unaofuata kichwa kinarudi, msimamizi anauliza "tena?", na hakuna anayejua kilichokubaliwa, kwa sababu hakuna kilichoombwa.

Ombi linalojibiwa lina mambo manne: unapoteza saa ngapi za kazi sasa, unataka nini hasa, saa hizo zitafidiwaje, na nani atashika kazi yako ukiwa umelala gizani. Ugonjwa wenyewe unatosha sentensi tatu.

Nitatumia mfano mmoja wa kutunga. Tuseme mwombaji ni karani wa hesabu katika kampuni binafsi ya kutoa mizigo bandarini, Dar es Salaam. Anaingia saa 2:00 asubuhi, anatoka saa 11:00 jioni, katikati ana saa moja ya chakula. Jumamosi ni saa 2:00 hadi saa 7:00 mchana. Ukijumlisha unapata saa 45 kwa wiki, nazo ndizo ukomo wa saa za kawaida katika Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004. Kumbuka hiyo 45, maana itatubana baadaye.

Anza na daftari, miezi miwili kabla ya barua

Chukua daftari la shule. Kila kichwa kinapoanza andika tarehe, saa kilipoanza, saa uliyomeza dawa, na saa ulipoweza tena kusoma tarakimu kwenye skrini bila kurudia mstari. Halafu andika kitu ambacho karibu wote hukisahau: saa za kazi zilizopotea. Daktari atataka safu za mwanzo, lakini mwajiri atataka hiyo ya mwisho.

Andika pia dalili iliyotangulia. Wengine hupiga miayo isiyoisha au hukakamaa shingo saa kadhaa kabla. Wengine huona vimulimuli au mistari ya misumeno machoni, kwa kawaida kati ya dakika 5 na saa moja, ndipo kichwa kinaanza. Dalili hiyo ndiyo inayotetea ombi la chumba. Kipandauso kisichotibiwa hudumu kati ya saa 4 na saa 72, na dawa za kukikata hufanya kazi vizuri zaidi zikimezwa mapema, maumivu yakiwa bado madogo. Anayevumilia mezani hadi saa nane mchana kwa kuogopa macho ya watu huwa amepoteza siku nzima, wakati mwingine na kesho yake.

Hesabu na siku za vidonge. Mwenye kipandauso anayemeza panadoli au dawa ya aina ya ibuprofeni siku 15 au zaidi kwa mwezi, au dawa za kundi la triptani siku 10 au zaidi, kwa zaidi ya miezi mitatu mfululizo, anaweza kuwa anaumwa kichwa kwa sababu ya dawa zenyewe. Ukikuta hivyo, daktari kwanza, barua baadaye. Hakuna ratiba ya kazi itakayotibu hilo.

Karani wetu, baada ya wiki nane, ana vipandauso saba vilivyoangukia siku za kazi. Vinne vilianzia ofisini, kati ya saa 4 asubuhi na saa 8 mchana. Kila mara alivumilia, akachelewa dawa, akaomba ruhusa na kwenda nyumbani, na kila kimoja kikala saa 4. Vitatu vilianza alfajiri na hakufika kabisa, saa 8 kila kimoja. Jumla saa 40. Namba hii itaingia kwenye barua, kwa hiyo iwe ya kweli. Mahudhurio yapo kwenye kitabu au kwenye mashine ya alama za vidole, na mtu wa rasilimali watu ataangalia.

Barua ya daktari iwe fupi na iseme utendaji

Mpe daktari daftari, kisha mwombe maelezo mafupi yenye mambo haya: kwamba una kipandauso na uko chini ya matibabu, kwamba wakati wa shambulio mwanga, kelele na kutembeatembea huzidisha maumivu, kwamba kumeza dawa mapema na kulala mahali penye giza na utulivu kwa saa moja hadi mbili kunaweza kukurudisha kazini, na kwamba anapendekeza unafuu huo kwa muda fulani, tuseme miezi sita, kisha hali iangaliwe upya. Si lazima awe bingwa wa mishipa ya fahamu. Daktari aliyesajiliwa anayekufahamu anatosha, mradi barua ina jina lake, sahihi na muhuri wa kituo.

Majina ya dawa yasiwemo. Propranolo, kwa mfano, hutumika kuzuia kipandauso lakini pia ni dawa ya moyo na presha, na amitriptilini watu huijua kama dawa ya msongo. Karani wa masijala akiliona jina hilo, kufikia jioni una ugonjwa mwingine kabisa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inaziweka taarifa za afya kwenye kundi la taarifa nyeti, basi una haki ya kutaja kwenye barua nani anaruhusiwa kuziona.

Tafuta chumba kabla ya kukiomba

Ukiandika "naomba chumba chenye giza na utulivu", mwajiri anaona ukarabati na bajeti. Ukiandika "naomba kutumia chumba kidogo cha mikutano kilicho ghorofa ya pili karibu na masijala, ambacho mara nyingi huwa tupu kabla ya saa 8 mchana", anaona ufunguo. Zunguka jengo kwanza.

Ingia chumbani mchana, funga mlango, kaa dakika kumi bila simu. Sikiliza. Chumba kilichopakana na jenereta kinaonekana kimya mpaka umeme ukatike. Chumba cha mitambo ya kompyuta kina baridi na giza zuri, lakini feni zake hazinyamazi. Nusa pia: stoo yenye rangi, dawa za usafi au katoni za wino ina harufu zitakazoamsha kile unachokuja kukizima, na hali ni hiyo hiyo kwa chumba kilicho karibu na jiko au choo. Chumba cha kuswalia huwa kimya, ila kina wenyewe na kina saa zake. Kama ofisi ina chumba cha akina mama wanaonyonyesha, usikiombe. Utakuwa unagombania haki ya mtu mwingine, na mtu huyo anaweza kuhitaji taa dakika ile ile unayohitaji giza.

Vinavyohitajika ndani ni vichache. Pazia zito lisilopitisha mwanga, au hata kitambaa cheusi kilichobanwa vizuri pembeni, kwa sababu ule mstari mwembamba wa jua unaopenya ukingoni ndio unaotesa. Kiti cha kulalia au godoro jembamba, maji ya kunywa, ndoo yenye mfuniko au mifuko kwa ajili ya kutapika, na feni isiyolia. Mlango uwe unafunguka kwa ndani bila ufunguo, na nje kuwe na kibao cha "Chumba kinatumika", basi. Usiandike jina wala ugonjwa.

Chagua na mtu mmoja atakayejua upo ndani. Kabla ya kuingia unamtumia ujumbe, na baada ya saa moja na nusu anagonga. Mwajiri makini atauliza "akizidiwa humo ndani?", na jibu hili linatakiwa liwe tayari. Kwenye mpango huo iwemo sentensi moja kwamba maumivu ya ghafla yasiyowahi kutokea, homa na shingo ngumu, kuchanganyikiwa, au kulegea mkono au mguu mmoja si mambo ya kulala gizani. Hapo ni hospitali moja kwa moja.

Saa: hapa ndipo wengi wanakwama

Mtu akisikia unafuu wa saa anafikiria kuingia muda anaotaka. Kwa mwenye kipandauso hiyo ni hatari, kwa sababu kulala na kuamka kusikotabirika ni miongoni mwa vichochezi vyake vikubwa, sawa na kuruka mlo. Ukiomba kuingia saa 4 kila siku, utazoea kulala mpaka saa 2, na Jumapili na sikukuu zitakuharibia. Bora ubaki na saa zako za kawaida, uombe mlango wa dharura tu: siku ya kipandauso cha alfajiri uingie kufikia saa 5:00 asubuhi badala ya kukosa kabisa, na siku kikianzia ofisini uende chumbani kwa muda usiozidi saa mbili, huku saa ya chakula ikihesabiwa humo. Mchango huo wa saa ya chakula ni mdogo lakini bosi anauona haraka, kwa sababu kwake ni saa moja tu ya kazi imeondoka.

Mfungaji wa Ramadhani ana jambo la ziada. Kukaa bila chakula na maji, na kukosa kahawa kwa aliyeizoea, huongeza vipandauso kwa wengi, hasa siku za mwanzo. Kama daftari lako linaonyesha hivyo, omba kwenye barua hiyo hiyo kwamba kwa mwezi ule saa ya chakula ihamishiwe mwisho wa siku ili utoke saa 10:00 jioni, kisha mkubaliane mapumziko mafupi katikati, maana sheria inataka mfanyakazi anayefanya kazi zaidi ya saa 5 mfululizo apumzike angalau dakika 60.

Sasa kufidia. Watu huandika kwa moyo mkunjufu "saa zote nitazirudisha", bila kuangalia kama sheria inaruhusu. Saa za kawaida zisizidi 9 kwa siku na 45 kwa wiki. Karani wetu hufanya kazi saa 8 kwa siku, kwa hiyo Jumatatu hadi Ijumaa ana nafasi ya kufidia saa moja tu kila siku, yaani atoke saa 12:00 jioni. Jumamosi yake ni ya saa 5, ina nafasi ya saa 4. Kipandauso cha Jumanne kikimla saa 3, anaweza kuzirudisha Jumatano, Alhamisi na Ijumaa, au zote Jumamosi kwa kutoka saa 11:00 jioni, ikiwemo saa moja ya mapumziko, na wiki bado inabaki 45.

Kikitokea Jumamosi, mambo yanabadilika. Akifidia wiki inayofuata, wiki hiyo inapita saa 45, na zile za juu kwa sheria ni saa za ziada, zinazolipwa mara moja na nusu. Mwajiri akigundua hilo baada ya kusaini, ataona umemtega, na wewe ukifidia kimya kimya utakuwa umefanya saa za ziada bure. Andika mapema: saa zinafidiwa ndani ya wiki ile ile, na zisizowezekana kufidiwa zinahesabiwa likizo ya ugonjwa, kwa cheti.

Likizo hiyo usiitoe sadaka. Mfanyakazi Tanzania Bara ana hadi siku 126 za likizo ya ugonjwa katika mzunguko wa miezi 36, siku 63 za mwanzo kwa mshahara kamili na 63 zinazofuata kwa nusu, na mwajiri halazimiki kulipa pasipo cheti cha daktari. Msomaji wa Kenya asinakili namba hizi: Sheria ya Ajira ya huko ya mwaka 2007 inatoa angalau siku 7 kwa mshahara kamili na 7 kwa nusu ndani ya miezi 12, baada ya kutumikia miezi miwili mfululizo. Kwa likizo fupi namna hiyo, ombi la chumba lina uzito zaidi, maana vipandauso vichache vinaimaliza.

Kisha piga hesabu ya mbele, na usiandike sifuri. Vile vinne vya ofisini, kwa saa moja moja, vitakula saa 4. Kati ya vile vitatu vya alfajiri tuseme viwili vitaruhusu kuingia saa 5:00, yaani saa 3 kila kimoja, na kimoja kitamlaza siku nzima, saa 8. Jumla saa 18 badala ya 40, na kati ya hizo 10 zinafidika. Mwajiri haamini muujiza, lakini 40 kushuka hadi 18 anaielewa.

Barua yenyewe

Iwe ukurasa mmoja, usiozidi mmoja na robo. Ipite kwa msimamizi wako, na zungumza naye kwanza kwa mdomo, kwa sababu msimamizi anayekutana na ombi kwa mara ya kwanza kwenye karatasi huona ameshitakiwa. Kama ofisi yenu huandikiana kwa Kiingereza fuata desturi ya ofisi, mpangilio ni ule ule. Sehemu zenye nukta jaza mwenyewe.

> (Jina lako kamili)
> Idara ya Uhasibu
> S.L.P. ……, Dar es Salaam
> Tarehe: ……
>
> Meneja Rasilimali Watu,
> (Jina la kampuni),
> S.L.P. ……, Dar es Salaam.
>
> K.K. Mhasibu Mkuu
>
> Ndugu,
>
> YAH: OMBI LA UNAFUU WA SAA ZA KAZI NA MATUMIZI YA CHUMBA CHA UTULIVU KWA SABABU ZA KIAFYA
>
> Husika na kichwa cha habari hapo juu.
>
> Mimi ni karani wa hesabu tangu mwaka ……. Nina kipandauso, na niko chini ya matibabu. Wakati wa shambulio mwanga na kelele huzidisha maumivu kiasi cha kushindwa kusoma tarakimu kwa usahihi. Maelezo ya daktari nimeyaambatisha.
>
> Kati ya tarehe …… na …… nilipata mashambulio saba siku za kazi, nikapoteza jumla ya saa 40. Sehemu kubwa ya saa hizo ingeweza kuokolewa kwa kupata tiba mapema na mapumziko mafupi hapa hapa kazini. Hivyo naomba mambo mawili:
>
> 1. Shambulio likianzia ofisini, niruhusiwe kutumia chumba kidogo cha mikutano cha ghorofa ya pili, kikiwa kimetiwa giza, kwa muda usiozidi saa 2, saa yangu ya chakula ikihesabiwa humo. Nitamjulisha msimamizi kwa ujumbe kabla ya kuingia na baada ya kutoka.
>
> 2. Shambulio likianza usiku au alfajiri, niruhusiwe kuingia kazini kufikia saa 5:00 asubuhi, baada ya kutoa taarifa kabla ya saa 1:30 asubuhi.
>
> Saa zitakazopungua nitazifidia ndani ya wiki hiyo hiyo, zisizidi saa 9 kwa siku wala saa 45 kwa wiki, bila malipo ya saa za ziada. Zisizoweza kufidiwa, na siku nitakayoshindwa kabisa kufika, zihesabiwe likizo ya ugonjwa kwa cheti cha daktari.
>
> Ili kazi isisimame, nimekubaliana na mwenzangu wa dawati la malipo tushikiane nafasi. Rasimu za makato ya mishahara zitakuwa tayari tarehe 4, na za VAT tarehe 16 ya kila mwezi, ili tarehe za mwisho za TRA, yaani 7 na 20, zisiathirike.
>
> Kwa makadirio yangu, saa zinazopotea kwa miezi miwili zitashuka kutoka 40 hadi takriban 18. Napendekeza utaratibu huu ujaribiwe kwa miezi mitatu kuanzia tarehe ……, kisha tuupime pamoja kwa kumbukumbu za mahudhurio.
>
> Naomba taarifa zangu za afya zionwe na ofisi yako na msimamizi wangu tu. Niko tayari kwa mazungumzo, na nitashukuru kupata majibu kwa maandishi kufikia tarehe …….
>
> Wako katika ujenzi wa taifa,
>
> (Sahihi)
> (Jina)
>
> Kiambatisho: Maelezo ya daktari, ukurasa 1

Angalia aya ya tarehe za TRA. Mwajiri wa karani wa hesabu haogopi kipandauso, anaogopa faini ya kuchelewesha ritani. Kila kazi ina tarehe au saa yake ya namna hiyo: kwa mwalimu ni wiki ya mitihani, kwa mhudumu wa mapokezi ni saa ya wageni kuingia hotelini. Itaje wewe kabla hajaitaja yeye, na useme umeipangaje. Yule mwenzako pia umwombe kweli kabla ya kumwandika. Nimeona ombi zuri likianguka mkutanoni kwa sababu aliyetajwa kushika nafasi alikuwa ndiyo kwanza anasikia.

Tarehe ya kutaka majibu, wiki mbili zinatosha. Peleka nakala mbili, moja igongwe muhuri wa kupokelewa na urudi nayo. Kama mnatumia baruapepe, tuma pia huko ili saa na tarehe zibaki.

Kikao, na maneno utakayokutana nayo

Utaitwa. Nenda na daftari, usilitoe mpaka uulizwe. Swali la kwanza huwa "kichwa tu hiki, kila mtu anaumwa kichwa". Usibishane kuhusu maumivu, kwa sababu hayaonekani. Jibu kwa utendaji: "Ni kweli mkuu, ila hiki kikianza nasoma 68 kama 86, na mwezi wa tatu ankara moja ilirudishwa kwa hilo." Mfano mmoja wa kazi, uwe wa kweli.

La pili ni "nikikupa wewe, wote watataka". Jibu limo ndani ya barua: kuna maelezo ya daktari, kuna kikomo cha saa, kuna fidia, kuna muda wa majaribio. Mwingine akija na hivyo vyote naye atahesabiwa kwa haki yake. La tatu, hatari kuliko yote kwa sababu linakuja kwa upole, ni "basi tumia likizo yako ya mwaka". Hilo likatae kwa adabu. Likizo ya mwaka ni ya kupumzika, na ugonjwa una likizo yake kwa mujibu wa sheria.

Wakikubali nusu, chukua nusu. Kama ni lazima uchague kati ya chumba na saa, kwa karani wetu chagua chumba, kwa kuwa mashambulio manne kati ya saba yanaanzia ofisini. Ambaye vyake vingi huanza alfajiri achague saa. Ndiyo maana daftari lilitangulia. Na kama chumba hakipo kabisa, omba kitu kidogo kitakachopunguza mashambulio yenyewe, kama kuhamishwa kutoka chini ya taa ya mrija inayopepesa au kugeuza meza ili dirisha lisiakisi kwenye skrini. Kwenye barua sikuviweka kwa makusudi, kwa sababu ombi lenye mambo matano hujibiwa yale mawili ya rahisi.

Baada ya kukubaliwa

Wakikubali kwa mdomo, siku hiyo hiyo andika ujumbe mfupi: "Nashukuru kwa kikao cha leo. Nimeelewa kwamba kuanzia tarehe fulani nitatumia chumba kidogo cha mikutano kwa utaratibu tuliokubaliana, kwa miezi mitatu. Kama kuna nilipokosea naomba unisahihishe." Ukimya wao baada ya hapo ni kumbukumbu nzuri.

Miezi ya majaribio ndiyo inayoharibika kirahisi. Kosa la kawaida ni kuingia chumbani na simu ukajibu meseji za kazi gizani, ukatoka na kichwa kile kile. La pili ni kukitumia chumba kwa uchovu wa kawaida. Siku moja tu ukionekana umesinzia huko baada ya harusi ya usiku, maneno yatasambaa, na hayatarudi. Kila matumizi yaandikwe: saa ya kuingia, ya kutoka, saa zilizofidiwa na lini. Ikiwa mwezi wa pili unaona unahitaji chumba mara nyingi kuliko ulivyokadiria, usingoje tathmini. Rudi kwa daktari, huenda ni wakati wa kuanza au kubadilisha dawa ya kuzuia, na mwambie msimamizi kwamba umerudi.

Kwenye tathmini peleka karatasi moja yenye mistari mitatu: saa zilizopotea kabla, saa zilizopotea sasa, saa zilizofidiwa. Kama zimeshuka kutoka 40 hadi 25 badala ya 18, sema 25. Omba utaratibu uingizwe kwenye faili lako kama makubaliano ya maandishi, na upitiwe tena baada ya mwaka. Ukiishia kwenye hisani ya msimamizi mmoja, siku akihamishwa atakuja mwingine anayeuliza kwa nini unalala mchana.

Wakikataa, omba sababu kwa maandishi na uziangalie. Sababu inayogusa kazi, kama "chumba kinatumika kila siku saa 4", inajibika kwa barua ya pili yenye chumba kingine. Ikiwa badala ya majibu unaanza kupata barua za onyo kwa siku ulizokuwa na cheti, zungumza na tawi la chama cha wafanyakazi na tunza kila karatasi. Kanuni za Utendaji Bora, Tangazo la Serikali Na. 42 la mwaka 2007, zinamtaka mwajiri anayefikiria kumwachisha mtu kwa ugonjwa amsikilize na kuangalia kwanza njia mbadala. Barua yako yenye muhuri wa kupokelewa inaonyesha njia hiyo ilikuwa mezani kwake. Ukiachishwa, Fomu Na. 1 ya Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, ijazwe ndani ya siku 30. Kwa migogoro mingine ya kazi ni siku 60.